Milimita Nne kwa Kila Mzunguko

Jiwe la mizani la kilo moja limening'inizwa kwenye springi, na ncha ya juu ya springi imeshikwa mkononi. Jiwe limetulia. Mkono ukipanda polepole milimita moja, jiwe nalo hupanda milimita moja. Ukishuka milimita moja, jiwe hushuka kiasi hicho hicho. Mpaka hapo hakuna la kushangaza. Lakini mkono huo huo ukiendelea kupanda na kushuka kidogo vile vile, ila sasa kwa kufuata mdundo wa jiwe lenyewe, baada ya dakika moja jiwe litakuwa likipanda karibu sentimita 24 juu ya mahali lilipokuwa limetulia na kushuka karibu sentimita 24 chini yake. Mkono haujaongeza bidii. Milimita ni zile zile tangu mwanzo hadi mwisho.

Wanafizikia wanakiita kisa hiki resonansi, na wengi waliopita sekondari wamewahi kusikia habari zake, hasa kwamba kitu kikisukumwa kwa mdundo wake chenyewe hupembea kwa nguvu. Kisichosemwa sana ni namna mpembeo huo unavyokua. Haulipuki ghafla, wala haujizidishi mara mbili, mara nne, mara nane. Pasipo msuguano, hukua kwa hatua zilizo sawa: mzunguko wa kwanza unaongeza kiasi fulani, wa kumi unaongeza kiasi kile kile, na wa hamsini vivyo hivyo. Ukichorwa kwenye karatasi, upana wa mpembeo dhidi ya muda unatoa mstari ulionyooka.

Upana hapa maana yake ni umbali kutoka kituo, yaani mahali ambapo jiwe lingetulia, hadi mwisho wa safari yake upande mmoja. Mzunguko ni kwenda na kurudi: kutoka chini kabisa, kupanda hadi juu kabisa, na kushuka tena chini.

Kwanza, huo mdundo wa jiwe unatoka wapi? Unatoka kwenye vitu viwili tu, ugumu wa springi na uzito wa kile kilichoning'inizwa. Springi ngumu hurudisha jiwe haraka. Jiwe zito hukawia kugeuka. Mtu anaweza kuujua mdundo huo hata bila saa, kwa kupima kwa rula jinsi springi ilivyorefuka jiwe lilipotundikwa. Ikirefuka sentimita 25, jiwe litachukua karibu sekunde moja kumaliza mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo springi ya mfano wetu.

Mdundo huo una sifa moja ambayo habari yote hii inaitegemea: haujali upana. Jiwe likipembea milimita 5 au sentimita 15, mzunguko mmoja bado ni sekunde moja. Likienda mbali zaidi, springi hulivuta kwa nguvu zaidi, nalo hukimbia zaidi, kwa hiyo safari ndefu inaisha kwa muda ule ule wa safari fupi. Ndiyo maana mkono hauhitaji kubadilisha mwendo wake kadiri mpembeo unavyokua. Ukishaupata mdundo, unaendelea nao tu.

Sasa tutazame mkono na jiwe kwa karibu, milimita kwa milimita.

Mkono una mahali pawili pa kukaa: milimita moja juu ya katikati, na milimita moja chini yake. Unaruka haraka kutoka pamoja hadi pengine. Kila unapohama, kituo cha jiwe huhama pamoja nao. Mkono ukiwa juu, kituo kiko milimita moja juu. Mkono ukiwa chini, kituo kiko milimita moja chini. Jiwe lenyewe, kila wakati, linapembea kuzunguka kituo kilichopo wakati huo, na likianza umbali fulani upande mmoja wa kituo, litafika umbali ule ule upande wa pili.

Jiwe limetulia kwenye sifuri. Mkono unapanda. Kituo sasa kiko juu milimita moja, jiwe liko chini yake milimita moja, basi litapanda, litapita kituo, na kusimama milimita moja juu yake, yaani kwenye alama ya 2. Hapo linasita kabla ya kugeuka. Wakati huo huo mkono unashuka, na kituo kinahamia milimita moja chini ya sifuri. Jiwe lililo kwenye 2 juu liko milimita 3 kutoka kituo hiki kipya. Litashuka, litakipita, na kusimama milimita 3 chini yake, yaani milimita 4 chini ya sifuri. Mkono unapanda tena. Kutoka 4 chini hadi kituo kilicho 1 juu ni milimita 5, basi jiwe litafika milimita 5 juu ya kituo, kwenye alama ya 6. Safari inayofuata itafika 8 chini, kisha 10 juu, kisha 12 chini.

Mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Kila safari ya upande mmoja imeongeza milimita 2, na kila mzunguko mzima milimita 4. Sababu yake inaonekana wazi katika hesabu yenyewe. Milimita moja inapatikana kwa kuwa kituo kimesogea mbali zaidi na jiwe, na milimita ya pili inapatikana kwa kuwa upande wa pili unapimwa kutoka kituo hicho hicho kilichosogea. Hakuna mahali popote katika hesabu ambapo upana uliokwisha kupatikana unaongeza au kupunguza hatua inayofuata. Jiwe likiwa limefika milimita 6 au milimita 200, safari ijayo itaongeza 2. Katika sekunde 60 kuna safari 120, na 120 mara 2 ni milimita 240. Hizo ndizo sentimita 24 zilizotajwa mwanzoni.

Msomaji makini atakuwa na swali. Nishati ya mpembeo haikui sawasawa na upana; inakua kwa kipeo cha pili chake. Kupanua mpembeo kutoka sentimita 10 hadi 10.4 kunadai nishati mara mbili ya ile inayodaiwa kuupanua kutoka sentimita 5 hadi 5.4. Ikiwa mkono unafanya jambo lile lile kila mara, nishati ya ziada inatoka wapi?

Jibu liko kwenye kile ambacho mkono unakihisi. Mpembeo ukiwa na upana wa sentimita 5, jiwe linapofika chini kabisa springi imerefuka zaidi ya kawaida, na mkono unahisi kana kwamba umebeba kilo 1.2. Jiwe linapofika juu kabisa springi imelegea kiasi, na mkono unahisi kilo 0.8 tu. Mkono unapanda wakati gani? Jiwe likiwa chini, yaani wakati mzigo unaonekana mzito. Unashuka wakati gani? Jiwe likiwa juu, mzigo ukiwa mwepesi. Kwa hiyo kila mzunguko mkono unainua kilo 1.2 kwa milimita 2, kisha unateremsha kilo 0.8 kwa milimita 2. Tofauti ya kilo 0.4 ndiyo kazi ambayo mkono umeifanya na haukurudishiwa. Imeingia kwenye mpembeo.

Mpembeo ukifika sentimita 10, mkono unahisi kilo 1.4 chini na kilo 0.6 juu. Tofauti sasa ni kilo 0.8, maradufu ya ile ya kwanza, ingawa mkono umesogea milimita zile zile 2. Kwa hiyo mkono haufanyi jambo lile lile kila mara. Mwendo wake haubadiliki, lakini kazi yake inaongezeka, kwa sababu mpembeo mpana unafanya mzigo kuwa mzito zaidi pale pa kuinua na mwepesi zaidi pale pa kuteremsha. Mahitaji ya nishati yanapanda sawasawa na upana, na kazi ya mkono nayo inapanda sawasawa na upana. Viwili hivyo vinakwenda bega kwa bega, na ndiyo sababu hatua inabaki milimita 4, haipungui wala haizidi.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638 kuhusu sayansi mbili mpya, alieleza kuwa pendulumu nzito iliyotulia inaweza kupembezwa kwa pumzi ya mdomo tu, mradi pumzi zifuate mdundo wake. Alitaja pia kengele kubwa ya kanisa: mtu mmoja akivuta kamba kwa wakati wake ataipembeza, na baadaye watu wanne au sita wakijaribu kuizuia ghafla itawanyanyua wote kutoka chini. Galileo alijua kuwa vivuto vidogo vinalimbikizana. Hesabu kamili ilikuja karne moja baadaye. Mwaka 1739, mwanahisabati Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi Petersburg nchini Urusi, alikokotoa mwendo wa kitu kinachopembea bila msuguano huku kikisukumwa na kani inayopanda na kushuka kwa ulaini. Kani hiyo ilipopewa mdundo sawa na wa kitu chenyewe, alipata jibu ambalo leo huandikwa hivi:

x = (F / 2mω) · t · sin(ωt)

Herufi F ni kilele cha kani, m ni tungamo la kitu, na ω ni kipimo cha mdundo. Sehemu ya sin ni kwenda na kurudi kwa kawaida. La kuangalia ni ile t, muda, iliyosimama nje ikiuzidisha mpembeo wote. Sekunde zikiwa maradufu, upana nao ni maradufu. Ni mstari ule ule ulionyooka ambao jiwe na mkono vimeuonyesha kwa milimita.

Tofauti ni ndogo. Mkono wa mfano wetu unaruka, na hivyo unasukuma kwa nguvu kamili muda wote. Kani laini ya Euler inafikia kilele chake kwa muda mfupi tu, kisha inapungua kabla ya kugeuka. Kwa hiyo, badala ya hatua ya milimita 4, inatoa hatua ya milimita 3.14, yaani pai mara milimita moja. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: kila mzunguko unaongeza pai mara umbali ambao kani hiyo ingelisogeza jiwe kama ingelivuta tu na kutulia.

Je, mkono ukikosea mdundo kidogo? Tuseme unakwenda mizunguko 21 ndani ya sekunde 20, wakati jiwe lingependa 20. Sekunde tano za mwanzo mtazamaji hataona tofauti kubwa. Mpembeo unakua karibu kama kawaida. Lakini mkono unazidi kulitangulia jiwe. Kufikia sekunde ya 10, hausogei tena jiwe likiwa kwenye ncha za safari yake. Unasogea jiwe likipita katikati. Hapo mzigo wakati wa kuinua na wakati wa kuteremsha ni sawa, na faida ni sifuri. Upana umefika kama milimita 25 na haupandi tena. Baada ya hapo mambo yanageuka: mkono unainua jiwe likiwa upande wa juu, ambako mzigo ni mwepesi, na unateremsha likiwa upande wa chini, ambako mzigo ni mzito. Sasa ni jiwe linalourudishia mkono nishati. Mpembeo unapungua, na kwenye sekunde ya 20 jiwe limekaribia kutulia kabisa. Kisha yote yanaanza upya.

Kosa likiwa dogo zaidi, kilima hicho kinakuwa kirefu zaidi na kinachukua muda mrefu zaidi. Mkono ukikosea kwa asilimia 1 badala ya 5, mpembeo utakua kwa sekunde 50 kabla ya kugeuka. Ukikosea kwa moja katika elfu, utakua kwa zaidi ya dakika nane. Mtu anayetazama dakika ya kwanza tu hawezi kusema kama mdundo umepatikana sawasawa au umekosewa kidogo sana. Anahitaji kuendelea kutazama. Resonansi kamili ndiyo hali ambayo kilima hakina kilele.

Bila shaka, hakuna springi isiyo na msuguano. Hewa inalikinza jiwe, na chuma cha springi kinapata joto kidogo kila kinapopinda. Lakini msuguano nao una tabia yake. Kwa kawaida hauondoi milimita zilizo sawa kila mzunguko. Unaondoa sehemu fulani ya upana uliopo. Tuseme unaondoa asilimia 2. Upana ukiwa milimita 50, hasara ni milimita 1 na faida ni 4, basi mpembeo bado unakua vizuri. Ukifika milimita 100, hasara ni 2. Ukifika milimita 200, hasara ni 4, sawa kabisa na faida, na hapo mpembeo unabaki pale pale. Mstari ulionyooka umejipinda taratibu hadi ukalala. Hesabu ya Euler isiyo na msuguano inabaki kweli kwa mwanzo wa mstari huo, na msuguano ndio unaoamua mwanzo huo una urefu gani: mizunguko kadhaa, mamia, au maelfu.

Kwa jengo, mizunguko kadhaa tu inatosha kuleta maafa. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika 17, tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki ya Meksiko, upande wa jimbo la Michoacán. Jiji la Meksiko liko zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Kwa umbali huo mtikisiko ulitakiwa uwe umepoa, na kwenye mwamba ulikuwa umepoa kweli. Vipimo vilivyokuwa kwenye ardhi ngumu ya Chuo Kikuu cha Taifa vilionyesha mchapuko wa asilimia 3 hadi 4 hivi ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Lakini sehemu kubwa ya katikati ya jiji imejengwa juu ya lililokuwa Ziwa Texcoco, kwenye udongo laini wa mfinyanzi uliojaa maji. Udongo huo wenyewe una mdundo, na mahali pengi mdundo wake ni mzunguko mmoja kwa kila sekunde 2 hivi. Mawimbi yaliyotoka pwani yalikuwa na mdundo huo ndani yake. Tabaka la udongo likapembea, na kipimo kilichokuwa juu yake kikaandika asilimia 17, karibu mara nne au tano ya kile cha kwenye mwamba.

Si ukubwa peke yake uliotisha. Rekodi ya kipimo hicho inaonyesha mawimbi yaliyopangika vizuri, moja baada ya jingine, kila moja la sekunde 2, kwa zaidi ya nusu dakika. Tetemeko la kawaida husukuma jengo ovyo, mara huku mara kule, na msukumo mmoja mara nyingi hufuta kazi ya mwingine. Hili lilisukuma kwa mpangilio, kama kani ya Euler.

Jengo la ghorofa kadhaa lililopata msukumo huo lilifanya kile ambacho jiwe lilifanya. Kila mzunguko uliongeza. Majengo ya kawaida hupoteza zaidi ya robo ya upana wao kwa kila mzunguko, kwa hiyo yanafikia sehemu kubwa ya kilele chao ndani ya mizunguko saba hivi. Kwa mdundo wa sekunde 2, hiyo ni robo dakika. Mtikisiko ulidumu zaidi ya hapo. Wahandisi walioichambua rekodi ile walikuta kuwa jengo lenye mdundo wa sekunde 2 lingesukumwa kwa mchapuko unaokaribia ule wa mvutano wa dunia wenyewe, karibu mara sita ya mtikisiko wa ardhi iliyokuwa chini yake.

Kisha kulikuwa na jambo lililoshangaza waliotembea jijini baadaye. Majengo mengi ya zamani, ya ghorofa moja au mbili, yalisimama. Torre Latinoamericana, mnara wa ghorofa 44 uliokamilika mwaka 1956, ulisimama. Yaliyoumia vibaya zaidi yalikuwa ya kati, hasa ya ghorofa 6 hadi 15, na maelfu ya watu walikufa. Nyumba fupi ina mdundo wa haraka mno kwa mawimbi ya sekunde 2. Mnara mrefu una mdundo wa polepole mno. Kwa wote wawili, msukumo ulikuja ukapotea kama mkono uliokosea mdundo.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia zaidi. Wahandisi hukadiria mdundo wa jengo kwa kanuni ya haraka ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa. Jengo la ghorofa 10 linapaswa kuwa na mzunguko wa sekunde moja, si mbili. Kwa nini basi yaliangamia? Kwa sababu jengo si springi isiyobadilika. Udongo laini chini ya msingi uliliruhusu kuyumba zaidi, na kuta na nguzo zilipoanza kupata nyufa, jengo lilizidi kulegea. Springi iliyolegea hupembea polepole zaidi. Kila ufa uliusogeza mdundo wa jengo kutoka sekunde moja kuelekea mbili, yaani kuelekea pale hasa ambapo mawimbi yalikuwa yakisubiri. Jengo la ghorofa 20, ambalo tangu mwanzo lilikuwa karibu na sekunde 2, likipata nyufa lilisogea kwenda mbali na hatari.

Mfano mwingine unaotajwa mara nyingi katika habari hizi ni daraja la Tacoma Narrows, jimbo la Washington, Marekani, lililofunguliwa Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, likijipinda katika upepo wa kilomita 65 hivi kwa saa. Filamu yake huonyeshwa madarasani kama picha ya resonansi. Kisa chake, hata hivyo, ni kingine. Upepo ule haukuwa ukija na kuondoka kwa mdundo, ulivuma mfululizo. Ni daraja lenyewe, kwa kujipinda, lililobadilisha namna upepo ulivyolisukuma, na kadiri lilivyojipinda zaidi ndivyo msukumo ulivyokuwa mkubwa zaidi. Ukuaji wa namna hiyo una umbo tofauti. Kwenye resonansi, mkono haujui jiwe limefika wapi, na hatua zinabaki sawa. Pale ambapo mwendo unaitengeneza kani yake wenyewe, hatua nazo hukua: upana huongezeka maradufu, kisha maradufu tena, kila mara kwa muda ule ule. Mhandisi mwenye rekodi ya mtetemo mezani anaweza kuanza kwa kuangalia umbo hilo. Hatua zilizo sawa zinamwambia atafute mashine, nyayo au mawimbi yenye mdundo kutoka nje. Hatua zinazojizidisha zinamwambia kuwa chanzo kiko ndani ya mwendo wenyewe, na kubadilisha mwendo wa mashine ya jirani hakutasaidia kitu.

Ukuaji wa hatua sawa una matumizi mengine, ambayo mafundi wa mitambo ya umeme wanayategemea kila siku. Rota ya tabo, ule mhimili mzito unaozungushwa na mvuke, nayo ina mdundo wake wa kupinda, na haiwezekani kuisawazisha isibaki na uzito wa ziada hata kidogo upande mmoja. Uzito huo mdogo unaisukuma mara moja kwa kila mzunguko. Rota nyingi kubwa hufanya kazi kwa mwendo ulio juu ya mdundo huo, maana yake ni kwamba kila zinapowashwa lazima zipite kwenye resonansi. Zinapita salama kwa sababu upana unahitaji muda ili ujilimbikize: mzunguko mmoja unaongeza hatua moja tu. Fundi anaupandisha mwendo bila kusita kwenye eneo hilo, na rota inakuwa imeshatoka kabla hatua hazijawa nyingi.

Mashine ya kufulia inapoanza kukamua nguo huonyesha jambo hilo hilo: inatikisika kwa muda mfupi, kisha inatulia ingawa inazunguka kwa kasi zaidi. Na tabo inapozimwa, mara nyingi mtetemo wa kushuka huwa mkubwa kuliko ule wa kupanda, kwa sababu rota inayoachwa ipungue yenyewe hukaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo ule ule iliouvuka upesi ilipowashwa. Ndiyo maana fundi wa zamu haondoki kwenye kipimo cha mtetemo hadi mwendo ushuke chini ya eneo hilo.